Mwalimu Mpya Kambu: Nani Anamlea, na kwa Vipindi Vingapi?

Mazungumzo ya leo yanamhusu mwalimu aliyetoka chuoni juzi, akapata barua ya TSC, akapangiwa shule iliyo kando ya barabara ya Mombasa, kati ya Kibwezi na Mtito Andei. Tuseme ni Kambu, au kijiji cha ndani kidogo upande wa mto Athi, ambako ukivuka tu umeingia Kitui. Swali ninalotaka tulichimbe ni hili: tukimpa mwalimu huyo mwenzake mzoefu wa kumlea kazini katika miaka miwili au mitatu ya kwanza, je, atabaki? Jibu langu ni ndiyo, lakini kwa masharti mawili ambayo mipango mingi huyaruka. La kwanza, mlezi huyo awe anaijua shule yenyewe, na somo lenyewe nalo lipate mtu wa kulishughulikia. La pili, ulezi uwe na saa yake kwenye ratiba ya shule. Bila hayo mawili, ulezi utakuwa fomu iliyotiwa sahihi ikafungiwa kabatini.

Tuanze na neno kubaki, maana hapa ndipo hoja nyingi hupotea. Tafiti nyingi kuhusu walimu wapya zimetoka Marekani na Uingereza, na huko wasiwasi mkubwa ni kwamba mwalimu huiacha kazi ya ualimu kabisa, akaenda benki au kwenye kampuni. Kenya mambo si hivyo. Walimu waliosajiliwa na TSC ambao hawajapata ajira ni mamia ya maelfu, na aliyesubiri miaka mitano au sita kupata ajira ya kudumu haiachi kirahisi. Anachoacha ni kituo. Anaomba uhamisho wa kurudi karibu na kwao, au wa kwenda shule ya mjini. Yule aliyeajiriwa na bodi ya shule kwa mchango wa wazazi huondoka siku TSC inapomwita, hata kama ni katikati ya muhula. Mwanagenzi huondoka mkataba wake unapoisha na nafasi ya kudumu inapopatikana kaunti nyingine. Kwa hesabu za Nairobi, mwalimu huyo bado yuko kazini na hakuna aliyepotea. Kwa mtoto wa Gredi ya 8 hapa Kambu, mwalimu wa Hisabati ameondoka, na huenda ni wa tatu kuondoka. Kwa hiyo nikisema kubaki, nazungumzia kubaki katika shule ileile kwa muda wa kutosha kuwachukua watoto kutoka Gredi ya 7 hadi ya 9.

Sasa tuitazame kazi anayoikuta. Sekondari msingi ilianza Januari 2023 kwa Gredi ya 7, na ikawekwa ndani ya shule za msingi. Kila gredi ina vipindi 40 kwa wiki, kila kimoja dakika 40, katika masomo tisa. Chukua shule yenye mkondo mmoja kwa kila gredi. Gredi tatu mara vipindi 40 ni vipindi 120 kwa wiki. Wakiwa na walimu wanne, kila mmoja anabeba vipindi 30 na kubakiwa na 10 vya kupumua, kusahihisha na kuandaa. Wakiwa watatu, kila mmoja anabeba 40, yaani tangu asubuhi hadi mwisho wa ratiba hana kipindi hata kimoja huru, Jumatatu hadi Ijumaa. Wakiwa wawili, hesabu haifungi kabisa: kila wakati kuna darasa moja lisilo na mwalimu. Tena walimu hao wachache ndio wanaogawana masomo yote tisa, kwa hiyo aliyesomea Kiswahili na Dini atajikuta anafundisha Kilimo, na aliyesomea Bayolojia na Kemia atapewa Masomo ya Kiufundi. Juu ya hayo kuna maazimio ya kazi, maandalio ya somo, zamu, michezo, na alama za tathmini zinazopakiwa kwenye mtandao wa KNEC, mara nyingi usiku, mahali ambapo simu inashika vizuri.

Mwalimu wa miaka kumi hubeba mzigo huu kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ameshaizoea. Anajua somo lipi huchukua vipindi vitatu ingawa kitabu kinasema viwili, na anajua kosa gani watoto watalifanya kabla hawajalifanya. Mwalimu mpya hutunga kila kitu kutoka sifuri, na hutunga akiwa peke yake. Dan Lortie, mwanasosholojia wa Marekani, aliandika mwaka 1975 kwamba ualimu humkabidhi anayeanza kazi nzima tangu siku ya kwanza, sawa na aliyefundisha miaka ishirini, na kumfungia katika chumba ambamo hakuna mtu mzima mwingine. Kwa mwalimu wa Kambu upweke huo ni mara mbili, maana mara nyingi hakuna mwalimu mwingine wa somo lake shuleni, na kama ametoka Busia au Nyeri, hata mazungumzo ya jioni sokoni yanamwacha nje, kwa kuwa yanafanywa kwa Kikamba.

Kenya ilishajaribu kuuita ulezi wa mwalimu mpya kwa jina zuri. Mwaka 2019 TSC ilianzisha mpango wa uanagenzi, ikaeleza kwamba ni wa kuwapa walimu wapya uzoefu na kuwakuza kazini. Mwaka 2023 mpango huo ukawa njia kuu ya kujaza sekondari msingi: maelfu ya wanagenzi waliajiriwa kwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Kwa vitendo, mwanagenzi alipewa ratiba nzima kama mwalimu mwingine yeyote. Katika shule nyingi ndiye aliyekuwa sekondari msingi yenyewe, hakukuwa na wa kumwelekeza hata kama angetaka. Mwezi Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba kuwaajiri kama wanagenzi watu waliohitimu na kusajiliwa kulikiuka haki zao, na baada ya mgomo uliofuata, takriban walimu 46,000 wakaingizwa katika ajira ya kudumu kuanzia Januari 2025. Ninalikumbusha hili kwa sababu limeacha kidonda. Mwalimu aliyepitia mwaka ule akisikia leo kwamba kuna mpango mwingine wa kumkuza, ana haki ya kuuliza kama ni kazi nyingine ya bei rahisi iliyovikwa jina la malezi. TSC ina mwongozo wa kuwapokea, kuwalea na kuwaelekeza walimu wapya, na mwongozo huo si mbaya. Utaaminika pale tu mwalimu atakapoona kipindi kimetengwa na mtu amepewa jukumu.

Je, ushahidi unasema nini kuhusu aina ya ulezi unaomfanya mtu abaki? Nitataja tafiti mbili, maana zikisomwa pamoja zinatuonyesha jambo ambalo kila moja peke yake hailionyeshi. Thomas Smith na Richard Ingersoll walichapisha mwaka 2004 uchambuzi wa takwimu za kitaifa za walimu wapya wa Marekani. Waliona kwamba mwalimu aliyepewa mlezi wa somo lake mwenyewe alikuwa na uwezekano mdogo wa kuondoka mwishoni mwa mwaka wa kwanza, pungufu ya takriban asilimia 30. Mlezi wa somo jingine hakuwa na nguvu hiyo. Walioonekana kufaidika pia ni waliopata muda wa kupanga kazi pamoja na wenzao wa somo hilohilo. Utafiti wa pili ni wa Jonah Rockoff, kuhusu mpango wa ulezi wa jiji la New York, ambako walezi walitoka nje ya shule. Yeye aliona kwamba mwalimu alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kubaki katika shule yake iwapo mlezi aliwahi kufundisha katika shule hiyohiyo. Kwa maneno mengine, kuna maarifa ya somo na kuna maarifa ya mahali. Ya kwanza humpa mwalimu sababu ya kujiamini darasani. Ya pili humpa sababu ya kubaki hapo alipo.

Hebu tuyalete maarifa hayo ya mahali karibu. Mwalimu mpya anaandika majina ya wanaochelewa, na anaona majina yaleyale kila wiki. Anaamua kuwaadhibu. Mwalimu aliyekaa Kambu miaka mingi anajua kwamba wengine wanatoka upande unaopakana na mbuga za Tsavo na Chyulu, ambako ndovu wakiingia mashambani usiku, mzazi hamwachi mtoto atoke kabla jua halijapanda. Anajua kwamba kiangazi kikikaza, mtoto hupitia kwanza kwenye maji ndipo aje shuleni. Anajua kwamba msimu wa kuvuna pojo darasa hupungua, kwa hiyo mada ngumu haianzwi wiki hiyo. Hakuna chuo kinachoyafundisha haya, na mwalimu asiyeyajua hugombana na darasa, kisha na wazazi, kisha na mwalimu mkuu, na kufikia muhula wa pili ameshajaza fomu ya uhamisho akiamini kwamba watoto wa hapa hawafundishiki.

Nani basi awe mlezi? Katika shule kama hii, mwenye maarifa ya mahali kwa kawaida ni mwalimu wa shule ya msingi mwenye cheti cha P1, ambaye amefundisha hapo hata wazazi wa watoto wa leo. Mwalimu mpya wa sekondari msingi ni mwenye digrii. Hapo pana unyeti ambao sote tunaujua, na mvutano kuhusu nani awasimamie walimu wa sekondari msingi, ambao chama cha KUPPET kimekuwa kikiupigia kelele, umeuongeza. Mwenye digrii anaweza kuona kwamba anashushwa, na mwenye P1 anaweza kuona kwamba anadharauliwa. Ninaona mgogoro huu unatulia tukigawa kazi kwa uwazi. Mlezi wa shuleni ashughulikie mahali: darasa, wazazi, nidhamu, Kikamba cha kutosha kusalimia na kueleweka, nyumba ya kupanga, mwendo wa mwaka. Asihukumu kabisa jinsi mwenzake anavyofundisha Sayansi Jumuishi. Kwa somo, mwalimu mpya aunganishwe na mzoefu wa somo hilo katika shule ya jirani, iwe sekondari msingi nyingine au shule ya upili, wakutane ana kwa ana mara moja kila majuma mawili na simu zifanye kazi katikati. Shule tano au sita zilizo kando ya barabara moja zinaweza kufanya hivyo kwa nauli ya bodaboda, na afisa wa mtaala wa eneo hilo ndiye mwenye orodha ya nani amesomea nini.

Sasa pingamizi, na nianze na zito zaidi. Idara ya Elimu ya Marekani iligharamia jaribio kubwa lililoripotiwa mwaka 2010, lililoongozwa na Steven Glazerman. Shule 418 katika wilaya 17 ziligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja likapata ulezi kamili, wenye walezi wa muda wote waliofunzwa, kila mmoja akiwa na walimu wapya wapatao 12, na kundi la pili likaendelea na utaratibu wa kawaida. Baada ya miaka mitatu, hakukuwa na tofauti ya waliobaki, si shuleni, si wilayani, wala katika ualimu. Mtu mwaminifu hawezi kulipita jambo hili, maana jaribio la bahati nasibu lina uzito kuliko takwimu za kulinganisha tu kama zile za Smith na Ingersoll, ambamo huenda shule zenye ulezi mzuri zilikuwa shule nzuri tangu mwanzo.

Hata hivyo tutazame kilicholinganishwa. Kundi la pili halikuwa na walimu walioachwa peke yao. Wengi wao walikuwa na mlezi wa kawaida ndani ya shule. Swali lililojibiwa lilikuwa kama ulezi wa gharama kubwa unaoletwa kutoka nje unashinda ulezi mdogo uliopo, na jibu likawa kwamba kwa upande wa kubaki, haushindi. Halikuwa swali la Kambu, ambako kinacholinganishwa ni kitu na utupu. Tena walezi wale hawakuwa walimu wa shule walizozitembelea, jambo linalokwenda sambamba na alichokiona Rockoff. Na kuna tokeo jingine la jaribio lilelile: pale ambapo ulezi ulidumu miaka miwili, alama za wanafunzi wa walimu hao zilipanda katika mwaka wa tatu. Hapa ninajifunza kiasi. Ulezi wa mwaka mmoja hauna cha kujivunia, na anayeahidi kwamba ulezi peke yake utafunga mlango wa uhamisho anaahidi asichonacho.

Pingamizi la pili litatoka kwa walimu wenyewe. Watasema: mimi naomba uhamisho kwa sababu mke wangu yuko Kakamega, au kwa sababu mama ni mgonjwa, au kwa sababu kodi na nauli vinamaliza mshahara, mlezi atanisaidia nini? Ni kweli, hatamsaidia. Mwalimu ambaye familia yake iko mbali ana haki ya kuhama, na kumzuia kwa kanuni huzaa mwalimu aliyepo kwa mwili tu. Mshahara, nyumba na posho ya mazingira magumu vina mahali pake, na haifai ulezi utumiwe kama kisingizio cha kutovigusa. Lakini kuna kundi jingine ambalo halisemwi sana. Ni wale ambao wangeweza kubaki miaka mitano bila taabu kubwa, ila miezi sita ya kwanza iliwavunja. Sababu wanayoiandika kwenye fomu ni ya kifamilia, kwa kuwa ndiyo inayokubalika; hakuna anayeandika kwamba alishindwa na Gredi ya 9 na hakuwa na wa kumwambia. Ulezi unawagusa hao.

Pingamizi la tatu ni la mwalimu mkuu: muda uko wapi? Turudi kwenye vipindi vyetu 120. Uingereza, tangu Septemba 2021, mwalimu mpya hupunguziwa asilimia 10 ya ratiba mwaka wa kwanza na asilimia 5 mwaka wa pili. Kwa mwalimu wa vipindi 30, asilimia 10 ni vipindi vitatu, na mwalimu mkuu wa hapa hana vipindi vitatu vya kugawa. Lakini pakiwa na walimu wanne, kila mmoja ana vipindi 10 huru tayari. Hahitaji kupunguziwa, anachohitaji ni anayepanga ratiba ahakikishe kwamba kimoja kati ya hivyo kinaangukia wakati mmoja na kipindi huru cha mlezi, wakae na kuzungumza, na kwamba katika kipindi kingine mmoja wao yuko huru wakati mwenzake anafundisha, ili aingie kumtazama. Hii ni kazi ya mwanzo wa muhula, kabla ratiba haijabandikwa ukutani. Ikishabandikwa, hairekebishiki hadi muhula ujao. Pakiwa na walimu watatu, ninakubaliana na mwalimu mkuu moja kwa moja. Mwenye vipindi 40 kati ya 40 halelewi na mtu yeyote. Shule hiyo inahitaji mwalimu wa nne kwanza, na kuipelekea semina ya ulezi ni kuiongezea mzigo.

Lipo jambo moja linaloharibu ulezi hata pale ambapo muda upo, nalo ni kuuchanganya na tathmini. Tangu mwaka 2016 kila mwalimu wa TSC hupimwa kwa mfumo wa TPAD, ambamo mkubwa wake kazini humtazama akifundisha na kumpa alama. Kupima ni kazi halali. Lakini anayenipa alama si mtu nitakayemfungulia moyo kwamba jana nilishindwa kueleza sehemu na desimali hadi kengele ikaniokoa. Watafiti wa Uingereza, Andrew Hobson na Angi Malderez, walionya mwaka 2013 kwamba mlezi anayegeuka kuwa hakimu humfanya mwalimu mpya afiche udhaifu wake, na anayeficha hasaidiki. Kwa hiyo naibu mwalimu mkuu, ambaye mara nyingi ndiye hupewa ulezi kwa sababu ya cheo, ndiye mtu asiyefaa kupewa, hata awe mwema namna gani. Mlezi asiwe na kalamu ya TPAD, na anayoyasikia yasiende ofisini.

Mzazi au mjumbe wa bodi anayetaka kujua kama shule yake ina ulezi wa kweli asiombe kuonyeshwa faili. Aangalie ratiba ukutani, kama kipindi cha mlezi na mwalimu mpya kimeandikwa. Amuulize mwalimu mpya mara ya mwisho aliingia lini darasani kwa mwenzake kutazama tu. Atazame pia mgao wa madarasa, maana shule inayompa mwalimu mpya mkondo uliowashinda wengine wote, kisha ikampa mlezi, imechukua kwa mkono wa kulia kilichotolewa na wa kushoto.

Na ofisi ya TSC ya Kibwezi iweke daftari moja rahisi la kila mwalimu mpya: tarehe aliyoripoti, kama alikuwa na mlezi, wa shule ipi na wa somo gani, tarehe aliyoomba uhamisho, na tarehe aliyoondoka. Fomu ya uhamisho inachukua sababu iliyoandikwa, basi aulizwe pia kwa mdomo, na mtu asiyekuwa mkubwa wake, ni mwezi gani alioanza kufikiria kuhama. Nakisia wengi watataja muhula wa kwanza. Baada ya miaka mitatu daftari hilo litaonyesha kama waliolelewa hapa Kambu walikaa zaidi ya wasiolelewa, na Ikutha na Mutomo, ng'ambo ya Athi, wataweza kulinganisha na daftari lao.